Kusoma duara la Mohr la shafti
"Shafti yangu ina mkazo wa kuvuta 80 MPa, upande wa pili sifuri, mkato 30. Duara nimechora, sasa nasoma wapi?"

Ndugu, anza na kitovu: wastani wa 80 na 0, yaani 40. Kutoka hapo hadi nukta yako (80, 30) ni √(40² + 30²) = 50, ndiyo nusu kipenyo. Duara linakata mstari wa mlalo kwenye 90 na −10: hiyo ndiyo mikazo mikuu, na hasi maana yake kubana. Kileleni unasoma mkato mkubwa kabisa, 50.

Pembe ndiyo hunasa wengi. Kwenye duara, kutoka nukta yako hadi 90, utapima karibu 37°, lakini kwenye chuma chenyewe ni nusu yake, kama 18°.

Angalizo: mikazo mikuu yote miwili ikiwa ya kuvuta, kilele hicho kinadanganya. Usoni mwa shafti mkazo wa tatu ni sifuri, kwa hiyo mkato mkubwa kabisa ni nusu ya mkazo mkuu ulio mkubwa zaidi.