Kokotoa kwa lambda, hakiki kwa nusu-uhai

Nimetoka kusahihisha mazoezi ya vijana wa mwaka wa pili, na katika madaftari matano nimekuta kosa nililolifanya mimi miaka mingi iliyopita. Wadogo zangu, nawapenda, lakini hili nimechoka kulizungushia wino mwekundu. Fomula zenyewe za kuoza kwa kaboni-14 mnazijua, N0 ikiwa kiasi cha mwanzo, N kinachobaki baada ya muda t, na T nusu-uhai:

```
N = N0 * (1/2)^(t/T)
N = N0 * e^(-λt)
λ = ln(2) / T
```

Wengi mnaikariri mistari miwili ya juu na kuusahau wa tatu, na huo wa tatu ndio unaozifanya zile mbili ziwe kitu kimoja.

1. Ukitafuta umri wa mti au mfupa, tumia umbo la lambda: t = -ln(F)/λ, ambapo F ni sehemu ya kaboni-14 iliyobaki. Umbo hili hukuonyesha pia kwamba ukikosea F kwa asilimia moja yake, umri unahama miaka 80 hivi, sampuli iwe ya juzi au ya kale.

2. Usiiweke T mahali pa 1/λ. Hapa nitakaa kidogo.

Nilipokuwa mwanafunzi nilipewa kuwasilisha umri wa Ötzi, yule mtu wa barafu aliyepatikana mwaka 1991 kwenye milima ya Alpi, mpakani mwa Italia na Austria. F yake ni kama 0.5676. Logariti asilia ya namba hiyo ni -0.5663 (zinakaribiana kwa bahati tu, msijenge kanuni hapo). Mimi nikaandika kwenye jedwali la kompyuta:

```
=-5730*LN(B2)
```

Nikapata miaka 3245. Iliyotakiwa pale ni 5730 igawanywe kwanza kwa 0.6931, yaani 8267, ambayo ndiyo 1/λ. Nilichukua namba ya umbo la nusu nikaitia kwenye umbo la e, na umri wote ukapungua kwa karibu theluthi.

Kinachoniuma mpaka leo si hesabu, ni yaliyofuata. Miaka 3245 kabla ya 1950, mwaka ambao umri wa kaboni huhesabiwa kurudi nyuma kutoka hapo, inaangukia karibu 1300 KK, wakati ambao watu wa Ulaya walikwisha kuzoea kuchanganya shaba na bati. Ötzi alikuwa na shoka la shaba karibu tupu. Ushahidi ulikuwa unanipigia kelele, nami badala ya kurudi kwenye hesabu nikaandika aya mbili kueleza kwamba shoka lile lazima lilikuwa la urithi, limetunzwa katika ukoo vizazi na vizazi. Nilizisoma aya hizo mbele ya darasa zima, kwa sauti ya kujiamini. Mwalimu hakunikatiza. Nilipomaliza akasema, "Mwanangu, hebu iweke 0.5 kwenye fomula yako." Nikaiweka. Ikatoka 3972. Nusu imebaki, na umri si nusu-uhai! Hakuhitaji kuongeza neno.

Kosa hili hujificha kwa sababu hupunguza kila umri kwa kipimo kilekile. Ukiwa na sampuli kumi za tabaka mbalimbali, ya chini itabaki kuwa ya kale kuliko ya juu, mpangilio utapendeza, nawe utalala usingizi. Ndiyo maana umbo la nusu-uhai silitupi. Halifai sana kukokotolea F kama 0.5676, lakini ni mlinzi mzuri. Baada ya nusu ya nusu-uhai, miaka 2865, inabaki 0.707, baada ya 5730 inabaki 0.5. Namba 0.5676 iko karibu zaidi na 0.5, basi umri wa 3245 ungenishtua hata bila kikokotoo.

3. T ipi? Maabara huripoti umri kwa nusu-uhai ya Libby, mwanzilishi wa mbinu hii, yaani 5568, na hapo 1/λ ni 8033, ingawa tangu 1962 inajulikana kwamba 5730 iko karibu zaidi na ukweli. Ile ya zamani ilibakizwa ili tarehe zote zilinganishike. Msiisahihishe kwa mikono yenu kabla ya kupeleka umri kwenye IntCal20, grafu inayougeuza umri wa kaboni kuwa miaka ya kalenda, kwa sababu grafu hiyo inategemea umri wa Libby.

Kwa Ötzi, 8033 mara 0.5663 ni miaka 4550 hivi, na ndiyo iliyoripotiwa na maabara. Ukitumia 8267 utapata kama 4680, na bado hiyo si miaka ya kalenda, kwa kuwa kaboni-14 ya hewani haikuwa sawa nyakati zote. Ile 4550 ikishalinganishwa na pete za miti, kifo chake kinakaa kati ya 3350 na 3100 KK. Wakati huo shoka la shaba tupu lilikuwa silaha ya kisasa, na halikuhitaji kurithiwa kwa mtu.