Hesabu ya safari ianzie machweo: Dar es Salaam hadi Iringa kwa gari dogo

Dereva mgeni anapopanga safari ndefu kwa mara ya kwanza, kwa kawaida huanza na saa ya kuamka, kisha hugawa umbali kwa mwendo anaoutarajia. Kutoka Dar es Salaam hadi Iringa ni takriban kilomita 500. Ukizigawa kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa unapata saa 6 na dakika 15, na hapo mtu hujiambia kwamba hata akiondoka saa 4 asubuhi atafika saa 10 na robo jioni, jua likiwa bado juu. Nimeipita barabara hiyo mara nyingi nikiendesha gari dogo, na sijawahi kufika kwa muda huo. Safari yangu ya kawaida, ukijumlisha chai, chakula, matuta, vijiji vya mwendo wa 50 na malori, huchukua saa 10 na dakika zaidi ya 20. Aliyeondoka saa 4 asubuhi anaingia Iringa baada ya saa 2 usiku, na sehemu ngumu kuliko zote ameipita gizani.

Kwa sababu hiyo nashauri hesabu ianzie mwisho. Tafuta kwanza jua litatua saa ngapi kule unakokwenda, kisha rudi nyuma hatua kwa hatua hadi mlangoni kwako.

Saa ya machweo unaipata kwenye programu ya hali ya hewa ya simu, lakini kuna makosa mawili ambayo wageni huyafanya. La kwanza ni kusoma machweo ya mahali walipo badala ya mahali wanapokwenda. Jua hutangulia kutua mashariki, na kila digrii moja ya longitudo ni tofauti ya dakika 4. Kwa kuwa Iringa iko magharibi ya Dar es Salaam kwa digrii tatu na nusu hivi, jua lake hutua takriban dakika 14 baadaye. Kosa la pili ni kuchanganya saa za simu na saa zetu. Simu ikiandika 18:28, toa 6 upate saa 12 na dakika 28 jioni. Inaonekana ni jambo la kitoto, ila nimewahi kumsikia mtu mzima akisema kwamba jua litatua saa 8 na nusu.

Wengi pia huamini kwamba kwetu jua hutua saa 12 na nusu mwaka mzima. Iringa, mwishoni mwa Mei na katika Juni, hutua kwenye saa 12 na nusu kasoro kidogo, lakini mwanzoni mwa Februari hukaribia saa 1 usiku au hata kuipita kidogo. Nusu saa hiyo ndiyo inayomponza aliyesafiri Februari bila shida, akarudia ratiba ileile Juni. Baada ya jua kuzama, mwanga wa kuendeshea unaobaki ni wa dakika 20 na ushei tu, kwa maana katika ukanda wetu jua huzama karibu wima na giza huingia upesi.

Sasa tuifanye hesabu yenyewe kwa siku ya katikati ya Juni. Machweo ya Iringa ni saa 12:28 jioni. Silengi mtu afike saa hiyo, kwani pancha moja tu, pamoja na kutafuta fundi wa kuziba tairi lililotoboka kabla ya kuendelea, humla mtu saa nzima. Mimi hukata saa moja na nusu na kuweka lengo la kufika saa 11 jioni. Kutoka Mikumi mjini hadi Iringa hunichukua saa 3 na nusu, kwa hiyo Mikumi niondoke saa 7 na nusu mchana. Chakula na kupumzika pale ni dakika 40, hivyo nifike saa 6:50 mchana. Kutoka Morogoro hadi Mikumi, pamoja na kuvuka hifadhi, ni saa 2 na robo, kwa hiyo Morogoro niwe nimeiacha saa 4:35 asubuhi. Kutoka nyumbani hadi Morogoro, ukihesabu foleni na kikombe cha chai, ni saa 4. Saa ya mwisho ya kuwasha gari Dar es Salaam inakuwa saa 12:35 asubuhi.

Nasema saa ya mwisho kwa makusudi. Siku hiyo jua la Dar es Salaam linachomoza saa 12:33, maana yake safari hii inataka mchana wote, haina hata robo saa ya kuchezea upande wa asubuhi. Ndiyo maana mimi huondoka saa 11 na nusu alfajiri. Mtu anaweza kuuliza kama huko si kuendesha gizani vilevile. Ni kweli, lakini giza la alfajiri ukichelewa linazidi kupungua, ilhali la jioni ukichelewa linazidi kukolea. Tena kipande cha kwanza hadi Kibaha ni barabara pana yenye taa, na kufika hapo jua linakuwa ndilo linachomoza.

Ile saa moja na nusu ya akiba ni moja kwa safari nzima. Wageni huitumia kila kituo kana kwamba inajazwa upya: nusu saa Chalinze, nusu saa Morogoro, kisha vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, na kila mara wanajifariji kwamba muda bado upo. Iandike kwenye karatasi na uikate kila inapoliwa. Kwenye karatasi hiyohiyo andika pia mahali pa kukatia shauri. Kwangu ni Mikumi mjini, kwa kuwa pana nyumba za wageni za bei mbalimbali, na mbele yake ndiko kuliko na bonde la mibuyu na mlima Kitonga. Kama saa 8 na nusu mchana imenikuta bado sijaondoka Mikumi, maana yake nimekwisha kula saa nzima ya akiba na nitafika Iringa saa 12 jioni nikiwa na nusu saa tu mkononi. Hapo ninalala. Uamuzi huo ufanywe nyumbani kabla ya safari, kwani ukiwa njiani, umechoka na mwenyeji wako anapiga simu kuuliza ugali uwekwe saa ngapi, hutaamua vizuri.

Najua hivyo kwa sababu niliwahi kufanya kinyume chake. Juni moja nilisubiri mzigo wa ofisi fulani uliokuwa na karatasi zisizokwisha kusainiwa, nikaondoka Dar es Salaam saa 3 asubuhi. Mikumi niliiacha saa 10 kasoro dakika 5. Nilianza kupanda Kitonga saa 12:10 jioni, na hapo nikajifunza jambo ambalo programu haikuniambia: saa ya machweo hukadiriwa kwa upeo ulio tambarare, lakini ndani ya korongo kama lile jua hujificha nyuma ya mlima mapema zaidi. Simu ilinipa dakika 18 za jua, ila barabara ilikuwa imekwisha kuingia kivulini. Kwenye kona ya pili lori lilikuwa limekufa katikati ya njia, tukakaa foleni dakika 40. Tulipofika juu ilikuwa usiku kamili. Muda mfupi baadaye nikaona majani mabichi kwenye taa zangu. Mnajua kwamba madereva wengi wa malori, gari likiharibika, hukata matawi na kuyapanga barabarani mita kadhaa nyuma ya gari. Mchana unayaona kutoka mbali na unapata nafasi ya kupunguza mwendo. Usiku ule, nilipoyaona yalikuwa karibu yaingie chini ya bampa, na nyuma yake lilisimama tela lisilo na taa wala kiakisi hata kimoja. Nililikwepa kwa bahati tu, kwa kuwa upande wa pili hapakuwa na gari linalokuja.

Hifadhi ya Mikumi nayo inataka mchana kwa sababu yake. Barabara kuu inapita ndani yake kwa takriban kilomita 50, mwendo ukiwa 70 mchana na 50 usiku. Kwa ratiba niliyoieleza unaivuka karibu na saa 6 mchana, wakati wanyama wengi wako vivulini. Jioni wanatembea na kuvuka, na nyati mweusi kwenye lami nyeusi huonekana akiwa karibu mno.

Jua lenyewe pia ni kikwazo kabla halijazama. Ukielekea Iringa unakwenda upande wa magharibi, na kuanzia saa 11 jioni linaweza kukupiga usoni chini ya kile kibao cha kuzuia jua. Kioo cha mbele chenye vumbi na wadudu huwa kama pazia jeupe. Kisafishe Mikumi, ndani na nje.

Simu ikizima chaji, pima kwa mkono. Nyoosha mkono mbele, kunja kiganja kikuelekee, vidole vinne vikilala kati ya upeo na jua, bila kulikazia jua macho. Utasikia wakisema kwamba upana wa vidole vinne ni saa moja. Kipimo hicho ni cha nchi za mbali na ikweta, ambako jua hushuka kwa mshazari. Kwetu linashuka karibu wima, digrii 14 hivi kwa saa, na vidole vinne ni digrii 7 au 8 tu. Kwa hiyo hesabu nusu saa, na ukiwa bondeni anza kupima kutoka kwenye kilele cha mlima.

Kurudi ni hesabu nyingine. Machweo ya kuangalia sasa ni ya mashariki, saa 12:15 jioni kwa Juni hiyohiyo, wakati Iringa jua halichomozi hadi saa 12:48 asubuhi. Ukitaka kufika nyumbani saa moja na nusu kabla ya machweo, itakubidi uondoke saa 12:20, gizani, kwenye baridi na mara nyingine ukungu, ukielekea kuteremka Kitonga. Mimi sihesabu hadi nyumbani. Nahesabu hadi Kibaha, penye taa, saa 10:45 jioni. Kutoka Iringa hadi hapo ni saa 9 na dakika 25, kwa hiyo naondoka saa 1:20 asubuhi, nusu saa baada ya jua kuchomoza, na mahali pangu pa kukatia shauri pakiwa Morogoro.