Kibodi inayogeuza "papá" kuwa "papa"

"Nikiandika kwa Kihispania kwamba baba yuko nyumbani, simu inatuma 'mi papa esta en casa' badala ya 'mi papá está en casa'. Mbona haiweki mstari mwekundu?"

Habari ndugu. Mstari hautokei kwa sababu "papa", ambalo kwa watu wa Amerika ya Kusini ni kiazi, na "esta", yaani "hii", ni maneno halali. Kibodi huangalia zaidi kama neno limo katika kamusi yake kuliko kama linafaa mahali pale.

Angalia kwanza lugha inayoonyeshwa kwenye kitufe cha nafasi. Ikiwa Kihispania hakimo, fungua mipangilio ya Gboard, yaani kibodi ya Google, ingia Languages, kisha Add Keyboard, uchague Español. Mpangilio huo una kitufe cha ñ, nacho ni muhimu sana, kwani "tengo 30 años" hutaja umri, ilhali "anos" ni neno la aibu.

Neno "papa" likiendelea kujitokeza, huenda simu imelizoea kutokana na ujumbe wako wa zamani. Libonyeze kwa muda kwenye mstari wa mapendekezo, uliburute hadi kwenye pipa la taka. Kisha ingiza "papá" katika Personal dictionary, sehemu ya Español, ukiipa kifupi "ppa". Kwa "está", yaani "yuko", usifute lolote, kwani "esta" nalo utalihitaji: bonyeza herufi "a" kwa muda, uchague "á".