Kabla hujaandika "awe na leseni, kazi kwa zamu"

Tangazo letu la kwanza la kutafuta msaidizi wa chumba cha dawa niliandika mwenyewe, usiku, nikiwa nimechoka. Lilikuwa na mistari minne: kliniki ndogo hapa Dodoma inatafuta mtu wa dawa, awe na leseni, awe mwaminifu, kazi kwa zamu. Nikalirusha kwenye magrupu ya WhatsApp na kubandika nakala getini. Wiki mbili baadaye nilikuwa na bahasha za kutosha kujaza kapu, na sikupata hata mtu mmoja wa kumweka dirishani.

Waliomba wauguzi, akaomba na kijana wa maabara. Wengi waliosoma mafunzo mafupi ya kuuza kwenye duka la dawa muhimu nao waliomba, kila mmoja akiwa na cheti chake kizuri. Siwalaumu. Nimeandika "mtu wa dawa", na anayeuza dawa kila siku pale mtaani kwake ni mtu wa dawa. Kosa lilikuwa langu, nami ndiye mteknolojia dawa ninayesimamia hicho chumba, kwa hiyo nilipaswa kujua.

Kwa hiyo ukiandika tangazo la namna hii, anza na jina la kada. Sisi tulikuwa tunamtaka mteknolojia dawa msaidizi, ambaye wengi bado wanamwita fundi dawa msaidizi: mwenye astashahada ya sayansi ya famasi, NTA ngazi ya 5. Yuko chini ya mteknolojia dawa mwenye stashahada ya ngazi ya 6, na juu yao yuko mfamasia. Cheti cha duka la dawa muhimu ni halali kabisa, ila kilitolewa kwa ajili ya duka la dawa muhimu. Ukimweka mwenye cheti hicho kwenye dirisha la kliniki, siku ya ukaguzi utakosa cha kusema.

Neno "leseni" peke yake nalo linadanganya. Mwombaji mmoja aliniletea matokeo ya chuo, mazuri mno, na akaapa kwamba ana leseni. Alikuwa anamaanisha hayo matokeo. Ukweli ni kwamba kuna karatasi tatu tofauti. Ya kwanza ni cheti cha chuo, kinachosema amesoma. Ya pili ni cheti cha Baraza la Famasi, kinachosema Baraza linamtambua katika kada yake. Ya tatu ni leseni ya kufanya kazi ambayo lazima iwe hai, na hii ndiyo watu wengi huisahau baada ya kukaa nyumbani muda mrefu bila ajira. Aliye na mbili za kwanza tu bado anaweza kuwa mtu mzuri sana, lakini Jumatatu hawezi kuanza. Tangazo likisema hivyo waziwazi, atahuisha leseni yake kwanza ndipo aombe, nawe hutapoteza siku ya usaili.

Kuna jambo la nne ambalo halimo kwenye karatasi yoyote. Kijana mmoja alikuja na vyote vitatu, na usaili alijibu vizuri kuliko wote. Nilikuwa karibu kumpa mkono wa hongera. Nikamuuliza, kama mazungumzo tu, cheti chake kimetundikwa wapi kwa sasa. Akacheka kidogo, akasema kipo kwenye duka moja Kongwa, "lakini pale naenda kusaini tu, mara moja kwa mwezi." Yaani duka linaendeshwa kwa jina lake na mtu mwingine kabisa ndiye anayetoa dawa. Huo mchezo wa kukodisha vyeti tunaujua wote kwenye fani hii. Nikimwajiri, jina lake litakuwa sehemu mbili kwa saa zilezile, na mkaguzi akiligundua hilo Kongwa, mimi huku nitabaki bila msaidizi, pengine na maswali juu yake. Sikumchukua. Swali hilo sasa nauliza kila usaili, tena kwa maneno yaleyale, "cheti chako kimetundikwa wapi kwa sasa?", kwa sababu ukiuliza "una kazi nyingine?" utajibiwa hapana, na mjibuji ataamini kabisa kwamba hajadanganya.

Sasa zamu. Hapa ndipo nilipokosea vibaya zaidi.

Kliniki yetu inafunguliwa saa 1:30 asubuhi hadi saa 2:30 usiku, Jumatatu hadi Jumamosi, na Jumapili saa 2:00 asubuhi hadi saa 8:00 mchana. Tunahitaji wasaidizi wawili wanaopokezana. Kwenye tangazo la kwanza baadhi ya nakala niliandika "zamu ya 2:00–8:30" nikimaanisha saa nane mchana hadi saa mbili na nusu usiku, na nilichanganya saa za kizungu na zetu kwenye mstari mmoja. Dada mmoja alifika kwenye usaili akiamini ni saa mbili asubuhi hadi saa nane na nusu mchana, na tayari alikuwa ameshapanga atakavyomchukua mtoto shuleni. Andika "asubuhi", "mchana" na "usiku" kwa maneno, hata kama inaonekana kama unamfundisha mtu saa.

Ratiba yenyewe ilikuwa hivi. Zamu ya asubuhi ni saa 1:30 hadi saa 8:30 mchana, yaani saa saba. Ya jioni ni saa 8:00 mchana hadi saa 2:30 usiku, saa sita na nusu. Ile nusu saa ya kuingiliana ni ya kukabidhiana: kuhesabu dawa zinazotoka haraka, kusoma kipimajoto cha friji pamoja, na kuambiwa mgonjwa gani atarudi kufuata dawa iliyokuwa imeisha. Wanabadilishana kila wiki. Jumapili nilimpa wa zamu ya jioni, kwa hoja kwamba saa zake ni chache. Hesabu ilitoka vizuri ajabu: jioni sita ni saa 39, ongeza sita za Jumapili, unapata 45 kamili, ambazo ndizo kikomo cha wiki kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Nikajipongeza.

Msaidizi tuliyekuwa naye wakati huo ndiye aliyeniamsha. Akasema, "Kaka, Jumamosi natoka saa mbili na nusu usiku. Jumapili unanitaka saa mbili asubuhi. Hesabu." Ni saa kumi na moja na nusu. Sheria inataka mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine. Halafu akaongeza la pili: huyo mtu anafanya kazi siku saba kwa wiki, na kikomo ni sita. Nilikuwa nimeangalia jumla ya saa tu, sikuangalia zinavyokaa.

Tulipanga upya, na ndiyo ratiba tunayoitumia hadi leo. Jumapili inakwenda kwa wa zamu ya asubuhi, anayetoka Jumamosi saa 8:30 mchana. Yeye anapumzika Jumatano, na Jumatano asubuhi nakaa mimi dirishani. Saa zake zinakuwa asubuhi tano, yaani 35, na sita za Jumapili: 41. Mwenzake wa jioni ana 39, na akitoka Jumamosi usiku harudi hadi Jumatatu asubuhi. Aliyefanya Jumapili anaingia jioni Jumatatu saa 8:00 mchana, saa 24 kamili baada ya kutoka. Saa moja ya kula kwa wa jioni tuliiweka saa 10 hadi saa 11, kwa sababu saa 11 mimi naondoka na baada ya hapo hana wa kumshikia dirisha. Nikiondoka simu yangu iko wazi, na kuna mambo tuliyokubaliana kwamba hayafanyi peke yake, kama kubadilisha dawa aliyoandika daktari kwa nyingine.

Kuna nusu saa ambayo waajiri wengi huipita. Kisheria usiku wa kazi unaanza saa 2 usiku, na kila saa ya usiku ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Chukua mshahara wa Sh 450,000. Ukiugawa kwa saa 195 za mwezi unapata kama Sh 2,308 kwa saa, na asilimia 5 yake ni Sh 115. Jioni sita za nusu saa ni saa tatu, kwa hiyo Sh 346 kwa wiki. Maandazi mawili hayafiki. Tunailipa, na iko kwenye karatasi ya mshahara kwa mstari wake.

Tangazo la pili lilikuwa hivi, na ukitaka lichukue:

"Kliniki iliyopo Nkuhungu, Dodoma, inahitaji mteknolojia dawa msaidizi mmoja. Awe na astashahada ya sayansi ya famasi (NTA ngazi ya 5), cheti cha Baraza la Famasi, na leseni iliyo hai siku ya kuomba. Cheti chake kisiwe kinatumika kwenye duka au kituo kingine. Atafanya kazi chini ya mteknolojia dawa.

Zamu hubadilika kila wiki. Wiki ya asubuhi: saa 1:30 asubuhi hadi saa 8:30 mchana, isipokuwa Jumatano ambayo ni mapumziko, pamoja na Jumapili saa 2:00 asubuhi hadi saa 8:00 mchana. Wiki ya jioni: saa 8:00 mchana hadi saa 2:30 usiku, Jumatatu hadi Jumamosi. Anayekaa mbali afikirie usafiri wa saa 2:30 usiku kabla ya kuomba. Mshahara wa kuanzia Sh 450,000 kabla ya makato. Usaili una jaribio la vitendo. Hakuna malipo yoyote ya kuomba kazi hii."

Mstari wa usafiri uliwaondoa watu wazuri, wa Ihumwa na huko, ambao wangebadilisha gari mjini usiku. Afadhali waondoke mapema kuliko baada ya mwezi.

Bahasha zilikuja saba. Jaribio letu ni moja tu: mama ana mtoto wa miaka mitatu, mwanasesere tuliyemjaza mchanga ambaye mizani inamsoma kilo 16, malaria isiyo kali, daktari ameandika dawa mseto. Rafuni zipo pakiti za vidonge sita tu. Wanne kati yao walichukua pakiti moja, wakaandika kimoja mara mbili kwa siku tatu. Hiyo ni dozi ya kilo 5 hadi chini ya 15. Kilo 16 ni vidonge viwili kila mara, jumla 12, yaani pakiti mbili. Walikisia kwa umri na hawakugusa mizani, iliyokuwa pale mezani.

Dada mmoja alimpima kwanza yule mwanasesere. Akatoa pakiti mbili, akamgeukia muuguzi wetu aliyecheza mama: "Sasa ni saa 11 jioni, anakunywa viwili hapa hapa. Vingine viwili saa 7 usiku, weka alamu ya simu. Kuanzia kesho ni asubuhi na jioni. Mpe na maziwa, au uji wa karanga." Kisha akamwambia arudie alichosikia.

Nilipomuuliza kama ana swali, alitoa tangazo kwenye pochi, limekunjwa mara nne. Akaweka kidole kwenye Jumatano. "Hii ya mapumziko, mnakaa nyie kweli, au nitapigiwa simu?"

Nikamwambia nakaa mimi.