"Tutafika siku za karibuni" si tarehe

"Shangazi, shikamoo. Tunaishi Morogoro, baba yangu ni marehemu. Nimempata mwenzangu, kwao Muheza. Baba mdogo aliwaandikia kuwa tutafika kujitambulisha siku za karibuni. Mwezi wa pili huu, kimya. Ndiyo wamenikataa?"

Marahaba, mwanangu. Sidhani. Barua ile haijibiki tu. Mzee wa watu hawezi kuwaita wajomba na mashangazi wa binti waje kusubiri siku isiyojulikana, na bila wao hakuna wa kuwapokea. Baba mdogo aandike upya, namna hii:

"Kwa Mzee ……, Muheza.
Yah: Ombi la kufika kujitambulisha.
Asalaam aleykum. Sisi ni familia ya marehemu Mzee ……, wa Morogoro. Kijana wetu …… ametueleza kuwa amempenda binti yako, ……. Tunaomba ruhusa ya kufika nyumbani kwako tufahamiane. Ukiridhia, tuje Jumamosi tarehe 6 Juni 2026, saa 8 mchana, watu watano. Isipofaa, tarehe 13 Juni, au siku utakayotupangia. Tunaomba jibu kupitia mshenga wetu, Bwana ……, kabla ya tarehe 23 Mei.
Wako katika heshima, ……, baba mdogo wa kijana."

Najua wazee wanapenda kuandika "tumeona ua bustanini kwako". Tamu, lakini kama nyumba ina mabinti watatu, ua lipi? Waandike ua wakitaka, kisha jina kamili. Wewe usisaini popote. Na muulize mwenzako kimyakimya msemaji wa kwao ni nani. Pengine ni baba mkubwa, na barua ikimruka mmeshaharibu.

Mahari isitajwe kabisa. Ukiitaja, barua inageuka posa, na watu ambao hawajawaona bado watalazimika kuwajibu kwa orodha.

Nimeweka saa 8 kwa sababu mnatoka mbali, mpite Chalinze na Segera, na mkifika watu wameshaswali adhuhuri. Mkiahidi saa 4 asubuhi mtachelewa siku ya kwanza tu ya kujuana. Watano nao wawe watano. Wakishuka kumi na wawili, sufuria ilishapikwa, na anayeaibika ni mama wa binti.

Mshenga aipeleke mkononi mapema Mei, isiwe picha ya WhatsApp. Kuhusu hela ndani ya bahasha, aulize kwanza desturi ya nyumba ile: wengine huitarajia kwenye posa tu, na ikija mapema wanaona mnawaharakisha.

Tarehe 23 ikipita kimya, anayepiga simu ni mshenga, si wewe, wala usimtume binti kwa baba yake. Akiambiwa "bado tunashauriana", aombe siku ya kurudi kuuliza, na tiketi za basi zisikatwe kwanza.