Wastani wa maziwa kwenye Excel umetoka mdogo, kosa ni la data au la fomula?

"Wakulima 30, karibu kila mtu analeta lita 17 au 18, lakini `=SUM(C2:C31)/30` inanipa 14.2. Data au fomula?"

Data, karibu hakika. Usiitazame 14.2, ivunje vipande, kila kimoja kwenye seli yake:

```
=SUM(C2:C31)     426
=COUNT(C2:C31)   24
=COUNTA(C2:C31)  30
```

Seli 30 zina kitu ndani, lakini 24 tu ndizo namba. Sita zilizobaki Excel inazisoma kama maandishi, na SUM inaziruka kimyakimya. Tafuta zilizoegemea kushoto, utakuta mtu kaandika "18 lt". Kwangu alikuwa karani wa zamu ya jioni, nilipoteza siku mbili nikihariri fomula isiyo na kosa. Gawa 426 kwa 24 upate 17.75, ndiyo lita ulizozitarajia.

Kama COUNT ingetoa 30 na jumla ilingane na ya kikokotoo, hapo ningeigeukia fomula.

Mchangiaji aliyelaumu ile 30 iliyoandikwa kwa mkono ndani ya fomula ana nusu ya haki: siku wakija 28, wastani utashuka tena hata data ikiwa safi. Ila siyo iliyoleta 14.2.

Angalizo: 180 iliyoandikwa badala ya 18 ni namba halali, COUNT itaihesabu bila kugundua kosa. Ongeza `=MAX(C2:C31)`.