Gemu za mapigano kwa asiyesikia

"Mdogo wangu ni kiziwi na anapenda gemu za mapigano. Ipi itamwonyesha adui anatokea wapi?"

Ajaribu Fortnite. Aingie Settings, sehemu ya Audio, awashe Visualize Sound Effects. Kuzunguka katikati ya skrini zitatokea alama za nyayo, risasi, hata makasha ya hazina, kila moja upande ambako sauti inatoka. Wapo wanaosema maandishi ya mazungumzo yanayotokea kwenye skrini yanatosha, ila wamepatia nusu tu, maana adui anayekunyemelea kwa nyuma hasemi neno. Akiona nyayo, ageuke upande huo mara moja. Ndani ya majengo awe macho zaidi: upande ataujua, ila si rahisi kutambua kama adui yuko ghorofa ya juu au ya chini.